Hatuna cheti cha ndoa: tulivyoithibitishia Australia kwamba tunaishi pamoja

Mimi na mwenzangu hatujafunga ndoa. Ndivyo tulivyoamua, na kwetu wanajua, na kwao wanajua. Yeye ni raia wa Australia aliyekuja Dar es Salaam kikazi, mimi nimezaliwa hapa hapa. Mkataba wake wa kazi ulipokaribia kwisha, mwaka 2023, tuliomba viza ya mwenza, ile inayoombwa mwombaji akiwa nje ya Australia. Hiyo ni subclass 309, ya muda, ambayo baadaye hufuatiwa na subclass 100, ya kudumu. Ada unalipa mara moja kwa zote mbili. Wakati ule ilikuwa dola 8,850 za Australia, sasa imevuka 9,000, na ukikataliwa hairudi.

Naandika kwa sababu nilipokuwa natafuta maelezo, karibu kila nilichokisoma kilimhusu mtu anayeishi mahali ambapo bili ya umeme inaletwa kwa bahasha yenye majina mawili. Kwetu bili haiji kwa bahasha. Umeme ni LUKU, kodi inalipwa kwa miezi sita au mwaka, barua zinakwenda sanduku la posta la ofisini, na mkataba wa pango una jina la yule aliyezunguka na dalali. Unaweza kuishi hivyo na mtu miaka miwili, mtaa mzima unawajua, na siku mkitakiwa kuleta karatasi yenye majina yenu wote wawili msiipate hata moja.

Kwanza, nini hasa kinatakiwa kuthibitishwa. Sheria ya Uhamiaji ya Australia ya 1958, kifungu cha 5CB, inawatambua watu wawili wasiofunga ndoa kuwa wenza ikiwa wamejifunga kushirikiana maisha wao wawili bila mwingine, uhusiano wao ni wa kweli na unaendelea, wanaishi pamoja au angalau hawajatengana kwa kudumu, na si ndugu wa damu. Kwenye fomu utakutana na maneno De facto partner, hao ndio nyie. Juu ya hapo kuna sharti la miezi 12: uhusiano wa namna hiyo uwe umeshakuwepo kwa angalau miezi 12 mfululizo kabla ya siku mnayotuma maombi. Kipindi cha kuchumbiana, kutembeleana na kuongea kwa simu kila mtu akiwa kwake kwa kawaida hakihesabiwi, hata kama mlikuwa mnapendana sana.

Sharti hili watu wengi wanalichukulia kwamba ni lazima mmelala chini ya paa moja siku zote 365. Sivyo. Mwaka 2015 Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilieleza wazi kwamba sheria inauliza kama watu wametengana kwa kudumu, na si lazima wawe wameishi nyumba moja. Lakini kwa mtu wa kawaida anayepeleka maombi yake mwenyewe, kuishi pamoja ndiyo njia iliyo rahisi kuonyesha, na asiyeweza kuionyesha ana kazi kubwa ya kueleza kwa nini. Mwenye mpenzi anayeishi kule ajue pia kwamba majimbo kama Victoria, New South Wales na Queensland yana daftari la kusajili uhusiano. Ukisajiliwa, sharti la miezi 12 linaondoka. Mzigo wa kuthibitisha kwamba uhusiano ni wa kweli unabaki pale pale. Kwetu njia hiyo haikuwepo, kwa kuwa wote tulikuwa Dar.

Ndugu zangu walinipa ushauri mmoja ambao lazima niuseme, kwa sababu kila mtu anaujua: "Si mmekaa miaka miwili? Kisheria hiyo tayari ni ndoa." Miaka miwili ya kukaa nyumba moja tulikuwa hatujaifikisha, lakini wanachokisema kipo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakatambulika kwa watu kama mume na mke, inachukuliwa kwamba wameoana, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kifungu hicho kinasaidia mahakamani, kwa mfano mwanamke anapoachwa na kudai matunzo yake na ya watoto. Hakikupi cheti, na ofisa wa viza hana kazi ya kuamua shauri la namna hiyo. Sisi tulikuwa tunaomba kama wenza wasiofunga ndoa, na kila karatasi ilitakiwa kusema hivyo hivyo. Nitarudi hapo kwenye barua ya serikali ya mtaa.

Kwa upande wa Australia, kanuni ya uhamiaji ya 1.09A ndiyo inayomwongoza ofisa. Inamtaka aangalie mambo manne: fedha zenu, hali ya nyumba yenu, jinsi jamii inavyowatambua, na jinsi mlivyojifunga ninyi kwa ninyi. Hakuna hati moja inayotosheleza, na hakuna hati moja ambayo kuikosa kunakuangusha. Ofisa anayatazama yote kwa pamoja. Mimi nilivyoelewa baada ya kuishi na makaratasi hayo, kazi ya mwombaji ni kuhakikisha watu na ofisi zisizojuana zinataja anwani ile ile na tarehe zile zile.

Kwa hiyo tulianza na tarehe. Fomu inauliza uhusiano wenu wa kuishi kama wenza ulianza lini, na hilo ni swali tofauti na lini mlikutana. Sisi tulikutana 2021. Yeye alikuwa amepanga Masaki, mimi Kijitonyama, na mwaka mzima tulikuwa wapenzi wa kawaida tu. Juni 2022 mkataba wake wa Masaki uliisha, hakuuhuisha, akahamia kwangu. Kuna watu walituambia tuandike 2021 ili uhusiano uonekane mrefu. Tulikataa. Tungeandika 2021, kila shahidi na kila karatasi ingetusuta, maana kodi ya Masaki ilikuwa inalipwa kwa jina lake hadi Mei 2022. Juni 2022 ilikuwa na ushahidi wake: barua pepe aliyomwandikia mwenye nyumba wake wa Masaki kumpa notisi, majibu ya kurudishiwa amana, na risiti ya kirikuu kilichohamisha vitu. Mwisho wa upangaji wa zamani una uzito kama mwanzo wa mpya, kwa sababu unajibu swali ambalo ofisa lazima ajiulize: huyu mtu kama hakuwa hapa, alikuwa wapi?

Halafu tukachukua karatasi. Tulipanga kutuma maombi Novemba 2023, kwa hiyo dirisha la miezi 12 lilianza Novemba 2022. Tuliandika miezi yote kwa kushuka chini, na mbele ya kila mwezi tukaandika ni hati gani inamwonyesha yeye pale Kijitonyama na ni ipi inanionyesha mimi. Kuanzia Machi 2023 hapakuwa na shida, maana mkataba wa pango ulipohuishwa tulimwomba mama mwenye nyumba aandike majina yetu wote wawili, akakubali bila neno. Lakini mkataba uliotangulia, wa Machi 2022 hadi Februari 2023, ulikuwa na jina langu peke yangu. Miezi minne ya dirisha letu, Novemba hadi Februari, yeye kwenye pango hayupo. Hakukuwa na namna ya kusubiri hadi Machi 2024 tupate mwaka kamili wa mkataba wenye majina mawili, kwa kuwa kazi yake ilikuwa inaisha Desemba na kibali chake cha ukaazi kilifungwa na kazi hiyo.

Miezi minne hiyo tuliijaza kwa vitu vitatu.

Cha kwanza kilikuwa kodi yenyewe. Tulikuwa tunalipa kwa miezi sita, na awamu ya Septemba 2022, ile iliyobeba Septemba hadi Februari, ilitoka benki kwenye akaunti yake kwenda akaunti ya mama mwenye nyumba. Mkataba una jina langu, fedha zimetoka kwake, na kiasi ni kile kile kilichoandikwa kwenye mkataba. Tuliziweka karatasi hizo mbili kwenye faili moja, moja baada ya nyingine, na juu tukaandika mistari michache ya kueleza uhusiano wake. Ukizitenganisha, ya kwanza ni pango la mwanamke mmoja na ya pili ni mzungu aliyemlipa Mtanzania fulani. Ofisa hana wajibu wa kuziunganisha kwa niaba yako.

Cha pili ni LUKU, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu sijaona mtu akilieleza. Mita ya nyumba za kupanga kwa kawaida ina jina la mwenye nyumba, kwa hiyo watu wanaona umeme hauwasaidii. Lakini mita ina namba, na namba hiyo haibadiliki. Mimi nilikuwa nanunua umeme kwa M-Pesa yangu, yeye ananunua kwa simu yake mimi nikiwa kazini au salio likiwa limeniishia. Ukiomba taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu, iliyopigwa muhuri, utaona malipo ya LUKU na namba ya mita iliyolipiwa. Tulichukua taarifa ya simu yangu na ya simu yake kwa miezi ile ile, tukapigia mstari namba ya mita kila ilipojitokeza. Mama mwenye nyumba akaandika barua kwamba mita namba hiyo ndiyo ya sehemu tunayokaa. Simu mbili za watu wawili, zinalisha mita moja, wiki hadi wiki. Usitegemee ujumbe mfupi uliobaki kwenye simu, maana simu inaibwa na meseji zinafutika. Omba taarifa mapema.

Cha tatu kilikuwa barua ya mama mwenye nyumba mwenyewe, na ubora wake ulikuwa kwenye mambo madogo. Hakuandika kwamba sisi ni watu wazuri wanaopendana. Aliandika kwamba mimi ni mpangaji wake tangu Machi 2022, kwamba Juni mwaka huo nilimjulisha kuwa mwenzangu anahamia, kwamba alimwona mara kwa mara alipokuja kukagua paa lililokuwa linavuja, kwamba kodi ya Septemba ilitoka kwake, na kwamba mwaka uliofuata aliongeza jina lake kwa ombi letu. Akaweka namba yake ya simu na nakala ya kitambulisho. Barua ya namna hiyo ofisa anaweza kuithibitisha kwa kupiga simu, na ndiyo maana ina thamani.

Sasa barua ya serikali ya mtaa. Kwa Tanzania hii ni hati nzuri, kwa sababu ni ofisi ya umma inayosema watu hawa wanaishi hapa, na tangu zoezi la anwani za makazi la 2022 nyumba nyingi zina namba na jina la barabara, hivyo anwani yako inaweza kuandikwa vilevile kila mahali. Nilianzia kwa mjumbe, akanipa kikaratasi, nikaenda ofisini. Mwenyekiti alikuwa mzee wa makamo, mpole, na alitaka kunisaidia.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba binti. Hii nakuandikia kama mke na mume, sivyo? Ndiyo itakuwa na nguvu huko."

"Hapana mzee wangu, naomba usiandike hivyo. Hatujafunga ndoa, na wao tumewaambia hatujafunga. Andika unachokijua: tunakaa nyumba namba fulani, sisi wawili, tangu lini."

Alinitazama, akasema mbona watu wote wanaandikiwa mume na mke na hakuna tatizo. Ni kweli, kwa mambo ya hapa hakuna tatizo. Kwa ofisa wa viza lipo. Maombi yanasema hamjaoana, barua ya serikali inasema mmeoana, na hapo moja kati ya mawili: aidha mmedanganya kwenye fomu, au barua imeandikwa na mtu asiyewajua. Vyote viwili vinaharibu hata hati nyingine ambazo hazina kasoro. Hatimaye mwenyekiti aliandika "wanaishi pamoja kama wenza", akataja namba ya nyumba na mwaka, akagonga muhuri. Mtu ambaye familia zimeshafikishana mbali zaidi, posa imepokelewa, mahari imetolewa na mila zote zimekamilika, yeye aende kwa mwanasheria kabla ya kujaza fomu, kwa sababu huenda sheria inamhesabu kuwa ameoa au ameolewa tayari, na hapo njia yake ya kuomba inabadilika. Kama ni posa tu, barua ile ya posa ni ushahidi mzuri wa jinsi familia zinavyowatambua.

Upande wa fedha, ushauri unaosikika kila mahali ni kufungua akaunti ya pamoja. Sisi hatukuwa nayo. Yeye alilipwa kwa dola, mimi mshahara wangu wa shilingi unaingia akaunti nyingine, na hatukuona sababu. Akaunti ya pamoja iliyofunguliwa mwezi mmoja kabla ya maombi, yenye salio la kufungulia tu, inamwambia ofisa kwamba mlikwenda benki, basi. Kinachoeleza maisha ni jinsi fedha zinavyozunguka. Kodi na mafuta ya gari vilikuwa vyake. Soko, maji, gesi na mshahara wa dada wa kazi vilikuwa vyangu. Umeme yeyote aliyekuwa na salio. Tulichagua miezi mitatu iliyoachana, Januari, Mei na Septemba 2023, tukachapa taarifa za akaunti zote mbili, na kila muamala wa nyumbani tukauwekea namba na maelezo ya maneno machache pembeni. Miezi mitatu iliyoelezwa vizuri inasomeka. Kurasa mia mbili za taarifa za benki hazisomeki na mtu yeyote.

Angalia pia fedha zinazotoka upande mmoja tu. Kama mwenzio ndiye anayekutumia kila mwezi na wewe hutoi kitu, eleza. Kuna nyumba ambazo mmoja hana kipato na ndivyo walivyokubaliana, na sheria haikatazi. Lakini ofisa asipoambiwa, anaona mtu mmoja anamsaidia mwingine, kama anavyoweza kumsaidia binamu yake. Mchango wako unaweza kuwa wa kazi za nyumbani, kulea mtoto, kuuguza mzazi wake. Uandike, kwa sababu mgawanyo wa kazi za nyumba umetajwa kwenye kanuni yenyewe. Mimi niliandika kwamba yeye ndiye anayepika jioni za siku za kazi kwa kuwa mimi hufika nyumbani usiku kwa foleni ya Mwenge, na kwamba nguo anafua dada ila pasi kila mtu na yake. Niliona kama ni mambo ya kitoto kuyaandika kwa serikali. Baadaye kwenye simu ofisa aliniuliza nani anapika kwenu, naye mwenzangu akaulizwa swali hilo hilo siku yake.

Picha nazigusa kwa kupita. Tulipeleka chache, kila moja na tarehe, mahali na majina ya waliomo: msiba wa babu yangu Moshi, ubatizo wa mtoto wa dada yangu, ziara ya mama yake alipokuja Dar. Picha ya watu wawili ufukweni inaonyesha kwamba siku hiyo walikuwa ufukweni. Picha ya yeye amekaa kwenye mkeka na wajomba zangu msibani inaonyesha kwamba ukoo unamjua.

Mashahidi ni jambo jingine. Kuna Form 888, tamko ambalo shahidi anaeleza anawajua vipi, kwa muda gani, anaonana nanyi mara ngapi na kwa nini anaamini uhusiano ni wa kweli. Tulivyoelewa sisi wakati ule, ni ya watu wenye umri wa miaka 18 na kuendelea walio raia au wakaazi wa kudumu wa Australia wanaowajua wote wawili, na yalihitajika angalau matamko mawili. Kwa mtu aliye Dar hili linaweza kusumbua. Sisi tulipata mama yake, aliyekaa nasi nyumbani wakati wa ziara yake, na Mwaustralia aliyefanya kazi naye hapa na aliyezoea kula kwetu Jumapili. Dada yangu si Mwaustralia, kwa hiyo yeye aliapa kiapo mbele ya wakili hapa Dar, nacho tukakiambatanisha kama nyongeza. Rasimu ya kwanza ya mama mkwe ilikuwa na sifa tupu, kwamba mwanawe ana furaha tangu anifahamu. Tulimwomba aongeze alichokiona kwa macho yake: alilala chumba kipi, sisi chumba kipi, umeme ulipokatika usiku nani aliamka kununua LUKU. Akaandika hayo, na tamko lake likawa la mtu aliyekuwepo.

Na kila mmoja wetu aliandika maelezo yake mwenyewe, tofauti na ya mwenzake: tulikutana wapi, mambo yalikuaje, tulihamia lini, tunafanya nini pamoja, tuliachana kwa safari zipi, tunapanga nini mbele. Tulikubaliana tarehe kisha kila mtu akaenda chumba chake kuandika. Maelezo hayo ndiyo uzi unaopita kwenye hati zote. Mimi kila nilipotaja jambo lenye karatasi, niliandika namba ya faili pembeni, kwa mfano kodi ya Septemba 2022, faili la 4. Ofisa akisoma sentensi anajua afungue wapi. ImmiAccount, akaunti ya mtandaoni unayotumia kutuma maombi, ina kikomo cha idadi ya mafaili na ukubwa wake, kwa hiyo hati zinazohusiana ziunganishe kwenye PDF moja yenye jina linaloeleweka, kuliko kupakia skrinishoti moja moja.

Lugha nayo isisahaulike. Barua ya mwenyekiti, ya mama mwenye nyumba na mkataba wa pango vilikuwa kwa Kiswahili, na kila kisicho cha Kiingereza lazima kiwe na tafsiri. Mtafsiri aliye nje ya Australia hahitaji kusajiliwa na bodi ya kule, lakini lazima aandike kwenye tafsiri jina lake kamili, anwani, simu, na sifa na uzoefu wake katika lugha anayoitafsiri. Nakala ya Kiswahili inakwenda pamoja na tafsiri.

Mwenzangu aliondoka Desemba 2023, mimi nikabaki. Watu wengi wakishatuma maombi wanapumua na kuacha kukusanya, na nilichojifunza hapa ni kwamba ofisa haangalii tu siku mliyotuma. Uhusiano lazima uwe unaendelea siku anayoamua, na kati ya siku hizo mbili panaweza kupita muda mrefu. Ndipo yalipokuja maombi ya taarifa zaidi, tukapewa siku 28: tuonyeshe uhusiano wetu tangu tulipoachana kimakazi. Swali lilikuwa la haki. Tulijibu kwa tiketi na mihuri ya pasipoti ya safari aliyokuja Dar katikati ya mwaka, orodha ya simu za WhatsApp tukichagua wiki moja katika kila mwezi, fedha tulizotumiana, na mkataba wa nyumba aliyopanga Melbourne ambao alimwomba wakala aniandike kama mkaazi atakayehamia. Mazungumzo ya WhatsApp tulichagua yale ya mambo ya maisha: tunabishana kuhusu kitanda cha kununua, ananiuliza presha ya mama, namkumbusha siku ya kwenda kwa daktari wa meno. Maneno ya mahaba mtu yeyote anaweza kuandikiana usiku mmoja. Tuliyatafsiri hayo machache, mengine tukayaacha.

Viza ya 309 ilitoka baada ya majibu hayo. Sasa nipo Melbourne nasubiri hatua ya pili, ya 100, ambayo kwa kawaida huangaliwa miaka miwili ikipita tangu siku ya kutuma maombi ya kwanza. Wale ambao siku ya kuomba tayari wana miaka mitatu ya uhusiano, au miwili na mtoto wao, wanaweza kupewa zote mbili kwa mkupuo. Kwa sisi wengine ofisa anarudi na mambo yale yale manne na kuuliza nini kimetokea tangu uamuzi wa kwanza. Nina bahasha kwenye droo ya jikoni, na kila mwisho wa mwezi natia humo kitu kimoja cha kila upande: bili ya gesi yenye majina yetu, taarifa ya benki, mwaliko wa harusi ulioandikwa kwa wote wawili, barua ya bima aliyoniandikisha. Na karatasi yenye miezi iliyoandikwa kwa kushuka chini, safari hii kuanzia siku niliyotua.